Labu ya jedwali la kurasa: anwani halisi inakataliwa, naombeni macho yenu

Kijana_wa_Nyegezi
Wakuu habari za jioni. Nasoma kompyuta mwaka wa pili hapa Mwanza. Tumepewa labu ya kutafsiri anwani pepe kuwa anwani halisi kwa kupita kwenye jedwali la kurasa, ngazi mbili, Intel ya biti 32, ukurasa baiti 4096. Tunayo dampu ya kumbukumbu, na CR3 ni 0x00005000. Swali la kwanza ni anwani 0x00403A2C. Kodi yangu hii hapa:

```c
pde = soma32(cr3 + (va >> 22) * 4);
pte = soma32((pde & 0xFFFFF000) + ((va >> 12) & 0x3FF) * 4);
pa  = pte + (va & 0xFFF);
```

Inatoa 0x0001CA93, programu ya kusahihisha inakataa. Kukusanya ni Ijumaa.

Mzee_wa_Igoma
Kijana, hiyo kumbukumbu pepe hata mimi ilinisumbua. Laptopu yangu ya dukani ilikuwa inaganda kila nikifungua faili kubwa la mahesabu. Fundi wa Kirumba aliiongeza kwenye setingi, ikatulia. Cheki kama diski yako ina nafasi.

Furu_Mweusi
Mzee shikamoo, ila hapo swali ni jingine kabisa, anaandika kodi.
Mtoa mada, angalia mpangilio wa baiti. Intel inaanza na baiti ndogo. Ukiona kwenye dampu `67 c0 01 00`, hiyo inasomwa kinyumenyume: 0x0001C067. Nadhani soma32 yako haigeuzi.

Dada_Nansio
Furu, la mpangilio wa baiti ni kweli kwa anayesoma dampu kwa macho, lakini siyo ugonjwa wa huyu. Angekuwa hageuzi, angepata 0x67C00100 na jibu lake lingeruka mbali sana. Yeye yuko karibu mno na jibu.

Kijana, kabla ya kushika kodi, tazama tarakimu tatu za mwisho. Anwani pepe inaishia A2C, jibu lako linaishia A93. Kwa ukurasa wa baiti 4096 hilo haliwezekani, maana biti 12 za chini hazitafsiriwi, zinavuka kama zilivyo. Toa A2C kwenye A93, unabaki na 67.

Sasa fuata njia kwa mkono. Biti 10 za juu za 0x00403A2C zinatoa 1, kwa hiyo soma 0x5000 + 4 = 0x5004. Kama hapo pana 0x00009027, jedwali la pili liko 0x9000. Biti 10 za katikati zinatoa 3, mara baiti 4 ni 12, soma 0x900C. Hapo ndipo ilipo 0x0001C067 ya Furu. Ile 067 siyo sehemu ya anwani, ni alama: ukurasa upo, unaandikika, programu ya kawaida inaruhusiwa, umeguswa, umeandikwa. Kwenye `pde` umezifuta, kwenye `pte` umezijumlisha. Andika `(pte & 0xFFFFF000) + (va & 0xFFF)`, utapata 0x0001CA2C.

Na kabla ya kufuta, pima biti ya mwisho ya kila ingizo. Ikiwa 0, ukurasa haupo, na kilichobaki humo usikichukulie kuwa anwani.

Kijana_wa_Nyegezi
Dada ubarikiwe, imepita! 0x5004 kweli ina 0x00009027. Swali la pili sasa: 0x00C12345. Kwenye 0x500C kuna 0x00800087. Nikienda 0x800048 kusoma ingizo la pili nakuta kama vipande vya maandishi, herufi tupu.

Furu_Mweusi
Hapo dampu yako imeharibika, ipakue upya.

Dada_Nansio
Usipakue kitu. Tazama 087: ndani yake mna 0x80, biti ya 7. Kwenye ngazi ya kwanza inamaanisha ingizo hili linaelekeza ukurasa mmoja wa MB 4, hakuna jedwali la pili. Zile herufi ni data ya ukurasa wenyewe, umeifanya jedwali. Hapo biti 22 za chini ndizo zinavuka: 0x00800000 + 0x012345 = 0x00812345.

Ila biti hiyo inahesabiwa tu kama PSE, swichi ya kurasa kubwa, imewashwa kwenye rejista ya CR4, yaani 0x10. Ikiwa imezimwa, prosesa inaipuuza na kwenda kusoma jedwali kama ulivyofanya wewe. Karatasi inasema CR4 ni ngapi?

Kijana_wa_Nyegezi
Haijatajwa popote. Imeandikwa CR3 peke yake.

Dada_Nansio
Basi muulize mwalimu kabla ya Ijumaa. Zile herufi zinanifanya niamini imewashwa, lakini kwenye dampu peke yake CR4 huioni.

Mzee_wa_Igoma
Sasa mimi hiyo CR4 naiona wapi kwenye Windows?