Naomba ushauri: kitanda cha tano kwa sita kwenye chumba cha futi 9 kwa 10

Wakuu habari zenu. Nimehamia chumba Tabata, futi 9 kwa 10. Mlango uko pembeni kabisa kulia, unafungukia ndani, bawa lake futi mbili na nusu. Dirisha liko ukuta wa mbele yake, katikati.

Kitanda changu ni tano kwa sita, lakini hiyo ni saizi ya godoro. Nikipima na mbao kinakula tano na nusu kwa sita na nusu. Nusu futi hiyo ndiyo iliyonivuruga.

Kwanza niliweka kichwa chini ya dirisha. Mlango ulifunguka vizuri, ila kufungua dirisha lazima upande kitandani, na mvua ya juzi ililowesha mto. Upepo nao unaishia kwenye ubao wa kichwa. Kwa joto hili la Dar, hapana.

Sasa nimechora kwa chaki sakafuni: kichwa ukuta wa kushoto, ubavu umegusa ukuta wa mlango. Miguuni inabaki njia ya futi mbili na nusu, dirisha liko huru, na kabati la futi tatu linaingia kona ya kushoto upande wa dirisha. Tatizo, anayelala ukutani (mke wangu, na ameshagoma) lazima anirukie usiku.

Nikisogeza kitanda futi moja na nusu apate pa kushukia, kinagusa kabati. Je, nitoe kabati niweke droo chini ya kitanda, au nishuke hadi nne kwa sita?