Fleti ya Kyanja: tarehe ya funguo ilipita mwaka jana, nimedai fidia ya mkataba, najibiwa habari za mvua!

DukaKikuubo (mwenye uzi)

Wakuu, nina hasira mpaka mikono inatetemeka. Machi 2023 nilisaini mkataba wa kununua fleti ya vyumba viwili Kyanja kwa shilingi milioni 320. Nimeshalipa milioni 288 kwa awamu, na hakuna awamu niliyochelewesha. Milioni 32 zilizobaki ni za siku ya funguo. Mkataba unataja funguo tarehe 30 Juni 2024. Juni ya 2025 ndiyo hiyo inaisha, na kwenye ngazi bado tunaruka magunia ya saruji.

Kampuni siitaji, msinifuate inboksi kuuliza. Nataka tuzungumzie mkataba, kwa sababu kipengele cha fidia kimo, tena wamekiandika wao wenyewe. Kwa Kiswahili kinasema hivi:

"Iwapo Muuzaji hatakabidhi fleti hadi kuisha kwa siku 90 za neema, atamlipa Mnunuzi fidia ya asilimia 0.5 ya fedha zilizolipwa kwa kila mwezi kamili wa ucheleweshaji kuanzia Tarehe ya Makabidhiano, isipokuwa fidia yote haitazidi asilimia 5 ya bei."

Basi tarehe 28 Mei nikawapelekea barua. Asilimia 0.5 ya milioni 288 ni 1,440,000 kwa mwezi. Miezi kamili 10 inafanya 14,400,000. Nikaongeza kodi ya nyumba ninayopanga Bukoto, 1,300,000 mara 10, yaani milioni 13. Jumla 27,400,000, walipe ndani ya siku 14 au wazikate kwenye ile awamu ya mwisho.

Jibu lao? Sentensi chache tu: mvua zilizidi, bei za vifaa zilipanda, mkandarasi wa kwanza aliondoka, yote hayo "nje ya uwezo wetu". Halafu wanasema msanifu wao majengo ameshatoa cheti kwamba jengo limekamilika "kwa matumizi", kwa hiyo ucheleweshaji umekwisha! Kwa upendo wao wananisamehe ada ya huduma ya mwaka mmoja, nikisaini nyongeza ya mkataba yenye tarehe mpya, 31 Desemba 2025. Jengo limekamilika, lakini tarehe mpya ni Desemba. Mnaelewa hapo?

MamaNtinda

Pole sana kaka. Mimi mwenye nyumba wangu pia alikataa kunirudishia depoziti yangu, nikaenda kwa LC1 akatoa siku ileile. Nenda kwa LC1.

DukaKikuubo

Dada, mimi sipangi hapo, nimenunua. Mwenyekiti wa LC1 atawaambia nini watu wenye mawakili watatu?

Mzee_wa_Bombo

Kijana, dawa yao ni moja. Ile milioni 32 usilipe ng'o. Mtu akikudai nawe unamdai mnakatana, sheria iko hivyo. Wakileta funguo chukua, hela kaa nayo.

KaraniMstaafu

Nimekaa ofisi za mawakili Kampala miaka mingi, nikipanga mafaili ya kesi za namna hii. Nianze na Mzee wa Bombo, maana ushauri wake unaweza kumtoa mtu kwenye nyumba. Kukatana kunawezekana, ila kwanza soma kipengele cha malipo. Mikataba mingi ya fleti inasema mnunuzi atalipa "bila makato yoyote". Kama wako una maneno hayo, siku wakikupa notisi ya makabidhiano nawe usilipe, aliyevunja mkataba sasa ni wewe. Watakuandikia notisi ya kufuta, na madai yako ya milioni 14 yatakuwa yanapigana na fleti ya milioni 320. Lipa kwa barua ya kusema unalipa huku ukishikilia madai yako.

Sasa fidia. Sheria ya Mikataba ya 2010 iko upande wako kwa jambo moja kubwa: mkataba ukitaja kiasi cha kulipwa anapovunja mmoja, aliyeumizwa hahitaji kuthibitisha hasara ndipo alipwe. Lakini sheria hiyohiyo inasema atapata fidia ya haki *isiyozidi* kiasi kilichotajwa. Kiasi chenu ni asilimia 5 ya bei, milioni 16. Wewe umedai 27,400,000. Ile kodi ya Bukoto ndiyo hasara hasa ambayo kipengele cha fidia kiliwekwa kuifunika. Ukizidai zote mbili unampa wakili wao jambo la kujibu, naye atalijibu hilo tu na kuacha mengine yote.

DukaKikuubo

Karani, nakuheshimu, lakini kodi nailipa kila mwezi kwa sababu yao. Ina maana wakishafika milioni 16 wanaweza kulala hata miaka mitatu?

KaraniMstaafu

Kwa fidia ya mwezi, ndiyo, inasimama pale. Ndiyo maana huwa kuna kipengele kingine cha kuvunja mkataba na kurudishiwa fedha ucheleweshaji ukipita muda fulani. Kiangalie. Risiti za kodi zihifadhi, zina kazi: mahakama ikiulizwa kama 1,440,000 kwa mwezi ni kiasi cha haki, kodi ya 1,300,000 inaonyesha hakikutoka hewani.

DukaKikuubo

Kipo, miezi 12 baada ya neema. Lakini kurudishiwa sitaki! Kwa milioni 288 leo Kyanja napata nini?

WakiliMtarajiwa

Mimi niko mwaka wa tatu sheria. Hesabu yako ya miezi 10 haisimami. Siku 90 za neema ziliisha 28 Septemba 2024. Kuanzia hapo hadi 28 Mei ni miezi 8, yaani 11,520,000. Neema maana yake hakuna kosa ndani yake.

KaraniMstaafu

Mwanafunzi, umesema kile atakachosema wakili wa kampuni, na si hoja mbaya. Lakini rudi kwenye maandishi. Neema inaamua *kama* fidia italipwa. Mwezi wa kwanza wa kuhesabu umetajwa peke yake: "kuanzia Tarehe ya Makabidhiano". Wangetaka ianze baada ya neema wangeandika hivyo. Na pale maneno yanapobeba maana mbili, mahakama huelekea kumbana aliyeyaandika, na hapa aliyeyaandika ni kampuni.

DukaKikuubo, fungua ukurasa wa tafsiri ya maneno mwanzoni mwa mkataba, utuambie Tarehe ya Makabidhiano imeelezwaje.

DukaKikuubo

"30 Juni 2024 au tarehe nyingine itakayoongezwa kwa mujibu wa mkataba huu."

WakiliMtarajiwa

Haya basi. "Itakayoongezwa". Neema ni nyongeza.

KaraniMstaafu

Au nyongeza ni ile ya matatizo yaliyo nje ya uwezo, na neema ni kitu kingine. Hapo mimi na wewe tutabishana mpaka jaji atuamulie. Ushauri wangu: barua ya pili iweke 14,400,000 kuwa dai kuu, na isiwe na kodi. Tofauti ya hesabu zenu mbili ni 2,880,000, na ndiyo nafasi ya kupatana.

Lakini tazama hatari iliyo kwenye maneno hayohayo. Ukisaini ile nyongeza ya mkataba ya Desemba, Tarehe ya Makabidhiano inakuwa 31 Desemba 2025. Miezi yote iliyopita inafutika kwa kalamu yako mwenyewe, na neema mpya ya siku 90 inaanza baada ya hapo, hadi mwisho wa Machi 2026. Unauza milioni 14 kwa ada ya ulinzi na kufagia ngazi.

DukaKikuubo

Mungu wangu. Na meneja mauzo alinipigia jana akisema "ni utaratibu tu, kila mtu anasaini"!!

Foromani_Gulu

Sheria siijui, saiti naijua. Hicho cheti cha msanifu kisikutishe. Msanifu analipwa na kampuni, na cheti chake kinahusu mkandarasi na kampuni: kazi imefika mahali pa kuanza kuhesabu muda wa kurekebisha kasoro. Hakisemi wewe unaweza kulala mle. Uliza kibali cha kuhamia, kinachotolewa na kamati ya ujenzi ya serikali ya mtaa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ujenzi ya 2013. Kwenu Kyanja hao ni KCCA.

Na ukienda pale tazama vitu vitatu. Mita ya Yaka ya fleti yako ipo na inaingiza yuniti, au jengo zima linakula umeme wa saiti kwa waya mmoja? Fungua bomba la ghorofa ya juu, maji yanakuja kwa pampu au yanadondoka? Lifti imo, au kuna shimo limezibwa kwa mbao? Piga picha zenye tarehe.

DukaKikuubo

Foromani, lifti ni mbao. Umeme ni waya mmoja kutoka stoo ya saruji. Kibali cha kuhamia sijawahi kukisikia midomoni mwao.

Foromani_Gulu

Basi unajua jengo liko wapi. Na mvua? Kampala mvua ni Machi hadi Mei, tena Septemba hadi Novemba. Mjenzi aliyepanga ratiba bila hizo alipanga akiwa wapi?

KaraniMstaafu

Kipengele cha matatizo yaliyo nje ya uwezo huwa na sharti la kutoa taarifa ndani ya siku kadhaa tangu tatizo litokee. Lako linasemaje?

DukaKikuubo

Siku 14, kwa maandishi. Sijapata taarifa hata moja. Mvua nimeisikia mara ya kwanza kwenye jibu la barua yangu.

KaraniMstaafu

Hilo liwe aya ya kwanza ya barua yako. Mkandarasi kuondoka na bei kupanda kwa kawaida ni mambo yake ya biashara, si ya kukubebesha wewe. Barua uliipelekaje?

DukaKikuubo

Kwa mkono, nakala yangu ina muhuri wao wa kupokea.

KaraniMstaafu

Vizuri, ya pili nayo hivyohivyo, si kwa WhatsApp. Halafu tazama kama kuna kipengele cha usuluhishi. Kikiwepo, ukikimbilia mahakamani watakurudisha kwa msuluhishi kwanza. Kisipokuwepo, dai lisilozidi milioni 50 linaenda kwa Hakimu Mkuu, si Mahakama Kuu.

MamaNtinda

Mimi bado nasema LC1.

GhorofaYaTatu

Jamani nadhani tuko jengo moja. Yale magunia kwenye ngazi nayajua. Mimi nilisaini hiyo nyongeza mwezi wa nne, waliniambia nisiposaini fleti wanampa mtu mwingine. Nimekwisha?

KaraniMstaafu

Si lazima. Inategemea kama kuna mstari unaosema umefuta madai yote ya nyuma, au imebadili tarehe tu. Na kama walikutisha kwa maandishi, ujumbe huo usiufute. Weka hapa picha ya ukurasa wa mwisho, ficha jina na sahihi yako.

GhorofaYaTatu

Nakala hawakunipa. Walisema itafuata kwa posta.

DukaKikuubo

Jirani, Jumatatu saa tatu asubuhi nitakuwa ofisini kwao na barua ya pili. Njoo uombe nakala yako kwa maandishi mbele yangu. Na kama yuko mwingine wa jengo hili anasoma, ajitokeze.