Reli ya dirisha la alumini inajaa maji, plasta imevimba. Nibadilishe fremu?

Mlima_Baridi: Habari wakuu. Nipo Njombe, nina madirisha sita ya alumini ya kusukuma, kioo kimoja cha milimita 5. Chini ya dirisha la watoto plasta imevimba. Fundi anasema niweke fremu zenye ukanda wa plastiki katikati, ndizo za baridi. Zitazuia maji? Usingizi sipati.

Mama_Wawili: Pole. Mimi Tanga nilirudi kwenye mbao. Vijana mnapenda mng'ao tu.

Fundi_Kioo: Maji unayaona lini, ikinyesha au hata asubuhi kavu?

Mlima_Baridi: Yote. Julai fremu inatoka jasho, nafuta kwa kitambaa. Ila Machi mvua ya upepo ilijaza reli ya chini ikamwagika ndani.

Kisu_Kikali: Piga silikoni fremu nzima, nje na ndani. Tone halipiti.

Fundi_Kioo: Kwenye ukuta sawa, kwenye reli hapana. Dirisha la kusukuma huingiza maji kidogo siku zote, ndiyo maana upande wa nje chini ya reli kuna vitundu vya kuyatoa. Vyako vipo?

Mlima_Baridi: Vilikuwepo. Desemba nilivijaza silikoni mwenyewe, siafu na upepo vilikuwa vinapita. Lakini fundi kaviona hakusema kitu, na nimeshatoa advansi laki nane.

Jicho_Pevu: Uzi wa kutunga huu. Nani anaziba vitundu kisha anauliza maji yanatoka wapi? Huyu anauza fremu.

Mlima_Baridi: Ndugu, ningekuwa nauza ningesema zinafaa. Watoto wangu wanalala chumba hicho.

Fundi_Kioo: Mwacheni, nakuta nyumba za hivi kila msimu. Kata silikoni kwa kisu chembamba, mimina kikombe cha maji kwenye reli, tazama nje. Ule ukanda unapunguza jasho la fremu, hauhusiani na mvua. Na ukibaki na kioo kimoja, kioo chenyewe kitaendelea kutoka jasho.

Mlima_Baridi: Nimefanya. Dirisha la watoto maji yametoka nje yote. La sebuleni reli imekauka, ila dakika kumi baadaye ukuta wa ndani ukalowa kwenye kona.

Fundi_Kioo: Hiyo kona ya fremu imeachia, au tundu la skrubu chini ya reli halikuzibwa. Kausha, ziba kona na vichwa vya skrubu kwa ndani ya reli, rudia kikombe. Ukimaliza, kagua kizingiti cha nje: kikiinamia ndani, silikoni ya ukutani haitadumu.

Kisu_Kikali: Mimi bado nasema silikoni.

Mama_Wawili: Na advansi je?

Mlima_Baridi: Nimempigia, anasema alumini imeshakatwa. Kesho naenda karakana kwake nikaione.