Atachimenti ya Januari hapa Mombasa: tupeane uzoefu

Mwanabandari: Salaam jamaa. Kuna tangazo limebandikwa kwa mawakala fulani wa forodha hapa Shimanzi: "Nafasi za atachimenti, Januari hadi Machi. Mwombaji awe bado anasoma, stashahada au shahada, kozi ya uchukuzi, uhasibu au usimamizi wa bohari. Alete barua ya maombi, barua ya chuo, nakala ya kitambulisho na bima ya ajali. Hakuna mshahara, ila posho ya nauli ipo. Mwisho Ijumaa saa kumi na moja jioni." Mdogo wangu anaitaka sana na hana bima. Mliopitia, mlifanyaje?

Binti Kisauni: Bima ndiyo iliyonitoa jasho. Nilipeleka karatasi mapema, zikarudishwa. Chuo kilikuwa kimetukatia bima ya muhula tu, yangu inaisha katikati ya Februari, na kazi ni mpaka mwisho wa Machi. Dada wa mapokezi akanionyesha ile tarehe kwa kidole: "Ukiumia Machi, nani atakulipia?" Ikabidi nirudi chuoni waniongezee muda.

Mzee wa Bohari: Alivyosema binti ni sawa. Mimi hupokea wanafunzi kazini, na kitu cha kwanza natazama tarehe: za barua ya chuo, za bima, na za tangazo lenyewe. Zisipolingana naweka kando. Mwanabandari, mdogo wako aanzie kwa msimamizi wa atachimenti chuoni, kwani mara nyingi bima imo ndani ya karo. Kama ana deni la karo, azungumze nao leo, maana vyuo vingi huzuia barua. Chuo kisipokuwa na bima, kampuni za bima huuza ya mtu binafsi. Adai cheti chenye jina lake na tarehe. Risiti peke yake sipokei.

Kijana wa Changamwe: Na mshahara wadai! Kampuni hurudishiwa pesa na NITA, ile mamlaka ya mafunzo ya viwandani.

Mzee wa Bohari: Mwanangu, waajiri hulipa NITA tozo ya shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na wanaweza kurudishiwa gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Hilo halimlazimishi mwajiri kumlipa mwanafunzi mshahara.

Mama Zuhura: Mwanangu alimaliza shahada mwaka jana, yuko nyumbani. Nimwambie apeleke?

Binti Kisauni: La mama, hapo wamesema "awe bado anasoma". Yeye ni wa intanishipu. Ile ya Tume ya Utumishi wa Umma huchukua wahitimu, miezi 12, na ina posho. Aangalie nafasi zikitangazwa.

Mwanabandari: Shukran. Mdogo wangu anakwenda chuoni kesho asubuhi. Na hiyo nauli hutolewa lini?

Kijana wa Changamwe: Mimi nilipewa kila Ijumaa.

Binti Kisauni: Sisi tulingoja mpaka mwisho wa miezi mitatu, na hadi logibuku itiwe sahihi. Nikivuka feri kwa miguu bure, lakini matatu za Likoni nilijilipia. Ulizeni kabla ya kuanza.