Kiinua mgongo milioni 6: anunue pikipiki mbili za mkataba au asinunue?

Rafiki mtu (barua ya jamaa yangu, kaniruhusu niiweke)
"Kaka, kiwandani wametupunguza. Miaka 9 yote nimeondoka na milioni 6 na kidogo, kiinua mgongo, notisi na likizo zote humo. Mshahara wangu wa msingi ulikuwa laki 6. Nina mke na watoto wawili, kodi ya nyumba ipo. Nafikiria pikipiki mbili niwape vijana kwa mkataba, au una wazo jingine? Nakuamini, niambie ukweli."

Kijana wa Mwanza
Anunue hata kesho. Pikipiki mbili, elfu 12 kila moja kwa siku, ni elfu 24 amekaa tu nyumbani, ni zaidi ya mshahara aliokuwa anaupata. Na ikiibiwa si kuna bima? Analipwa.

Mhasibu Tandika
Mdogo wangu hapo kwenye bima umekosea nusu. Wengi wanakata bima ndogo ile ya kukidhi sheria, ambayo inamlipa mtu uliyemgonga, pikipiki yako ikiibiwa hupati kitu. Ya wizi ni bima kubwa na bei yake ni nyingine kabisa.

Ila shida kubwa iko kwenye hiyo elfu 12. Tuseme pikipiki mpaka inaingia barabarani na usajili, bima na kibali cha LATRA imekula milioni 3.2. Kijana analeta elfu 12 siku 6 za wiki kwa miezi 14, ni kama siku 360, jumla 4,320,000. Alafu pikipiki inakuwa yake. Faida yako kwa miezi yote 14 ni 1,120,000, yaani elfu 80 kwa mwezi, kwa pikipiki mbili ni laki moja na 60. Kwaiyo katika kila elfu 12 inayokuja, karibu elfu 9 ni mtaji wako mwenyewe unarudi. Hapo ndo watu wanapoumia, kwa mwezi mkononi inaingia zaidi ya laki 6, nyumba nzima inakula ikidhani ni faida, mkataba ukiisha pikipiki hamna na hela hamna.

Mama wa Kuku, Kibaha
Mwambie afuge kuku wa mayai. Mimi nilianza na vifaranga 200 na wamenisomeshea mtoto.

Rafiki mtu
Asante mama, ila mpaka waanze kutaga si ni miezi mitano unalisha tu? Huyu kodi inamsubiri mwezi ujao.

Mama wa Kuku, Kibaha
Ni kweli, wiki ya 18 mpaka 20 ndo yai la kwanza, na chakula hakikopwi. Mimi mume alikuwa kazini bado.

Dereva Mbagala
Mimi naendesha, naomba nisikilizwe. Mhasibu hesabu yako haina mvua, haina siku pikipiki imelala kituoni polisi, haina kijana kuugua. Miezi 14 huwa inavutika. Lakini msije mkamshauri atoe kwa hesabu ya siku ili pikipiki ibaki yake, maana pikipiki ya hesabu haina mwenyewe, oili haibadilishwi kwa wakati mpaka inaanza kutoa moshi wa bluu. Ukitaka kujua inavyotunzwa angalia sproketi ya nyuma, meno yakichongoka kama ndoano ujue cheni imeshachoka zamani na hakuna aliyejali. Ya mkataba kijana anaitunza kwa sababu anaiona ni yake. Mimi ningesema anunue MOJA na aendeshe mwenyewe.

Kijana wa Mwanza
Mtu wa miaka 40 na kitu, aanze kukaa kijiweni na madogo?

Dereva Mbagala
Kijiwe chetu wapo wenye wajukuu.

Mhasibu Tandika
Kuendesha mwenyewe sipingi, ila ajifunze kwanza na leseni atafute. Kabla ya yote aende NSSF. Kama amechangia angalau miezi 18 na amepunguzwa kazi, hakuacha mwenyewe, kuna fao la kukosa ajira, theluthi ya mshahara kwa miezi 6. Kwake ni kama laki 2 kwa mwezi. Hiyo na kiasi kidogo cha ile milioni 6 ndo ya kula, pikipiki moja iwe ya mkataba, kadi ibaki jina lake mpaka shilingi ya mwisho, waandikishiane serikali ya mtaa na mdhamini mwenye makazi yanayojulikana. Na kila elfu 12 ikiingia, elfu 9 iende akaunti ambayo hana kadi yake ya ATM.

Dereva Mbagala
Moja ya mkataba ni elfu 80 kwa mwezi umesema mwenyewe. Miezi 6 ya NSSF ikiisha anakula nini?

Rafiki mtu
Na mimi nimekwama hapo hapo. Nimempigia, NSSF hakuwa amefikiria kabisa, kesho asubuhi anaenda na barua ya kupunguzwa. Kuhusu kuendesha mwenyewe kanyamaza kidogo alafu akauliza leseni inachukua muda gani, mwenye kujua ya Temeke anijibu.