Naomba ushauri: nashindwa kumwandikia profesa bingwa wa tenzi

Ndugu wanajukwaa, habari za leo. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, na tasnifu yangu inahusu utenzi mmoja ulioandikwa kwa hati za Kiarabu. Nimekwama kwenye ubeti ambao neno lake moja laweza kusomeka "pamba" au "bamba", kwa sababu waandishi wa zamani mara nyingi walitumia herufi ya *be* kwa sauti zote mbili, na vina na mizani havinisaidii kuamua. Anayeweza kunisaidia ni profesa mstaafu ambaye vitabu vyake ndivyo vilivyonifundisha kusoma hati hizo.

Barua pepe nimeiandika mara sita bila kuituma, kwani kila rasimu hugeuka kuwa aya mbili za kuomba radhi huku swali lenyewe likifichwa mwishoni. Mwezi uliopita nilimkuta kwenye kongamano, nikapanga foleni ya chai nyuma yake nikiwa na nakala ya ukurasa mkononi, nikaishia kumwamkia shikamoo na kumpisha achukue sukari. Ninahofu kwamba swali la pili atakaloniuliza litafichua kuwa Kiarabu changu ni cha madrasa tu.

Mliowahi kuwaendea wakubwa wa namna hii: je, nimtumie moja kwa moja picha ya ubeti pamoja na hoja zangu za kila usomaji, au nimwombe kwanza msimamizi wangu anitambulishe? Na upungufu wa Kiarabu changu niutaje mapema, au nisubiri aulize?