Tupeane uzoefu: ujumbe wa chanjo ulikufikiaje, na ulipofika ulikuta nini?

Mjitolea wa Micheweni

Assalaam alaykum. Mie ni mjitolea wa afya ya jamii huku Micheweni. Siku ya mkoba, yaani siku chanjo inapoletwa kijijini badala ya watu kuifuata kituoni, wachanjaji wanakuja na boksi lao la baridi, lakini kama watakuta watoto au watakuta viti vitupu, hilo liko kwangu na kwa sheha. Mkoba uliopita tuliletewa ujumbe umeshaandikwa kutoka nje ya shehia, tukaambiwa tuusambaze vilevile ulivyo. Ulisema hivi:

"Kesho chanjo skulini, 8:00 - 1:00. Kina mama leteni watoto."

Wachanjaji walifika asubuhi wakakaa na watoto wachache. Adhuhuri ikapita, wakaanza kufunga. Boksi la sindano zilizotumika limeshafungwa mdomo, ndipo kina mama wakaanza kumiminika, wameoga, wamejifunga kanga, watoto wamepakwa poda. Mmoja alimwonesha mchanjaji simu: "Si hii hapa, saa nane?" Na kwa kweli ukiusoma kwa saa zetu ujumbe unakaa sawa kabisa, kuanzia saa 8 mchana mpaka saa 1 magharibi, watu wamemaliza kazi zao. Mwandishi alikusudia saa 2 asubuhi mpaka saa 7.

Wengine waliupata baada ya sala ya alfajiri, umetumwa usiku wa jana yake, wakasema "kesho" ni kesho. Wengine walikwenda skuli ya maandalizi na chanjo ilikuwa skuli ya msingi.

Nataka kusikia kwenu. Ujumbe ulikujaje, na kulitokea nini?

Mama Pacha, Wete

Kwangu tabu ilikuwa hilo neno "watoto". Nilichukua pacha wangu wa miezi 7, mmoja mgongoni mmoja mkononi, jua kali. Nimefika naambiwa leo ni surua tu, na surua inaanza miezi 9. Nikauliza, na ile ya paja ambayo pacha mmoja hakuipata kwa sababu alilazwa? Wakasema boksi la leo halina. Kadi yangu walitazama vizuri, sikuvunjiwa heshima, lakini kama ujumbe ungesema miezi 9 na ungesema ni surua peke yake ningekwenda kituoni siku nyingine kwa ile iliyobaki.

Baba wa Machomanne

Samahani wakuu, mie nina swali. Binti yangu ana miaka 11, yuko skuli. Kwenye grupu letu pia ulikuja ujumbe wa "chanjo ya watoto". Nimpeleke huko kwenye mkoba au hayamhusu?

Mzee Mkoba

Baba wa Machomanne, huyo chanjo yake ni ile ya kinga ya saratani ya mlango wa kizazi. Wasichana wa miaka 9 mpaka 14, na tangu 2024 ni dozi moja, imekwisha. Mara nyingi hutolewa huko huko skuli. Muulize mwalimu, na kama hakuipata mpeleke kituo cha afya. Mkoba wa wachanga hauna uhakika wa kuibeba.

Sasa nirudi kwa mjitolea. Nimechanja miaka mingi kabla ya kustaafu, na watu hawaambiwi kwa nini saa ya kufunga ni ya kweli. Surua na rubella huja unga mkavu ndani ya kichupa, na kichupa cha kawaida kwetu ni cha watoto 10. Unautia maji yake maalumu yaliyokuja nao, yakiwa baridi. Dakika unayochanganya, saa inaanza kuhesabu: masaa 6, au mwisho wa kazi ya siku, lolote litakalotangulia. Hapo kilichobaki kinamwagwa, hata kama ni dozi za watoto 7. Hakina dawa ya kuzuia vijidudu visiote, na hakirudi kwenye friji kungoja kesho.

Chukua mkoba wako wa saa 2 mpaka saa 7. Mtoto wa kwanza wa surua kafika saa 2 na nusu, kichupa kikafunguliwa. Kwa masaa kingefika saa 8 na nusu, lakini kazi inaisha saa 7, kwa hiyo saa 7 kinakwenda. Wale kina mama wa saa 8 hawakunyimwa kwa roho mbaya. Kilichokuwa kimefunguliwa kimeshamwagwa, na kufungua kipya wakati barafu imeyeyuka na gari linasubiri ni jambo jingine.

Mkifika tazameni kile kipande cha sponji kinachoziba mdomo wa boksi. Kina mikato midogo, vichupa vilivyofunguliwa vinachomekwa humo ili visikae juani mezani. Mkiona kichupa cha surua kimekaa mezani penye jua, mwambieni mchanjaji kwa adabu.

Tumbe Baharini

Ndiyo maana sie huambiwa tungoje wafike watoto 10. Wasipotimia 10 hakifunguliwi, sheria ndiyo hiyo. Mke wangu alikaa mpaka akachoka akarudi.

Mzee Mkoba

Hapana kaka. Hilo la kungoja watoto 10 ni mazoea ya watu wanaoogopa kuulizwa mbona dozi nyingi zimemwagwa. Mwongozo unasema mtoto mmoja aliyefika umri anafunguliwa. Mtoto aliyerudishwa huenda asionekane tena mpaka apate surua. Na si chanjo zote ziko hivi. Ile ya paja anayoisema Mama Pacha ni ya maji tayari, kichupa kilichofunguliwa kinaweza kurudi kwenye friji kikatumika siku nyingine kama kimetunzwa vizuri. Ya kifua kikuu ndiyo ndugu ya surua: ni unga, na kichupa chake ni cha watoto 20, kwa hiyo mivutano ni mikubwa zaidi.

Tumbe Baharini

Mzee nakuheshimu, lakini nasema nilichokiona, na si mara moja. Huo mwongozo uko kwenye kabati la nani?

Na jambo jengine. Ujumbe wetu hutumwa kwenye namba za kina baba, ndizo zilizoandikwa. Mie nikienda dago kuvua nakaa huko na simu ninayo mie. Ujumbe wa chanjo ya mwanangu unanikuta kambini, mtandao ukikamata, mama yake yuko nyumbani hajui kitu. Kipaza cha msikiti kilimsaidia kuliko simu yangu.

Mwani Jambiani

Sie wa kusini Unguja tatizo letu hakuna anayeliandika popote: bamvua. Siku za mwezi kuandama na siku za mwezi mpevu maji yanakauka sana asubuhi, mnamo saa 4 ndiyo yamefika mwisho, na hapo kila mwanamke wa mwani yuko baharini anafunga mbegu kwenye kamba. Mkoba ukipangwa saa 2 mpaka saa 7 siku hizo, chagua: mwani au chanjo. Hatukatai chanjo, maji ndiyo hayasubiri. Tuliwahi kuandikiwa tuna "mwitikio mdogo", na hakuna aliyetazama mwezi.

Sasa mjitolea wetu anapanga kwa mwezi mwandamo. Akiona tarehe ziko kwenye 7 mpaka 10, au 22 mpaka 25, ni maji mafu, bahari haikauki ya kutosha, wanawake wako nyumbani. Yeye humwambia mkuu wa kituo mapema kabla ratiba haijatoka. Ikishindikana, kina mama wanabeba watoto alfajiri na anaomba wachanjaji waanze na wao.

Mjitolea wa Micheweni

Mwani Jambiani, hili la maji mafu nalichukua leo leo, maana na huku tuna kina mama wa mwani. Nimeuandika upya ujumbe wa mkoba ujao nikiwa na maneno yenu mbele yangu. Nimetafuta siku inayoangukia maji mafu, na majina ya kijiji nimeyaondoa:

"Assalaam alaykum. Chanjo ya watoto, JUMATANO TAREHE 10 JUNI 2026. Mahali: chuo cha Qur-ani kilicho ubavuni mwa msikiti wa Ijumaa. Si skulini, si kituo cha afya. Kuanzia saa 2 ASUBUHI mpaka saa 7 MCHANA. Saa 7 wanafunga.
Waje: mtoto wa wiki 6 na kuendelea ambaye kadi yake ina chanjo iliyopita siku yake. Mtoto aliyetimiza miezi 9 na hajapata surua ya kwanza. Mtoto aliyetimiza mwaka mmoja na nusu na hajapata surua ya pili.
Njoo na kadi. Imepotea? Njoo hivyo hivyo. Mtoto ana mafua au homa ndogo, njoo, ataangaliwa pale.
Baba ukiupata huu na uko mbali, mpigie mama wa mtoto.
Ukiusoma baada ya tarehe 10 Juni mkoba umeshapita, mpeleke kituo cha afya."

Mstari wa mwisho nimeutia kwa sababu ujumbe haufi. Ule wa "kesho" bado unazunguka kwenye magrupu, kuna mama alinionesha wiki nyingi baadaye akiuliza kama ni kesho kweli.

Mama Pacha, Wete

Hapo kwenye "kadi imepotea njoo hivyo hivyo" umenifurahisha, dada. Jirani yangu kadi yake ililoa mvua ya masika, anaona haya kwenda. Lakini utawaambia chanjo gani zimo ndani ya boksi? Ndiyo iliyonipata mie.

Mjitolea wa Micheweni

Nitampigia wa kituoni siku moja kabla na kuuliza. Zikiwemo zote nitaacha ilivyo. Ikiwa ni surua peke yake nitaandika "TAREHE 10 SURUA TU" juu kabisa.

Mzee Mkoba

Muulize na idadi ya vichupa vya surua, na kama maji yake yanalingana navyo. Niliwahi kufika mahali unga upo maji hayapo, na maji ya chanjo nyingine hayaruhusiwi kuchanganyia. Tulirudisha watoto wote.

Na ujumbe wako ni mrefu. Mwingine ataacha kusoma katikati. Siku, mahali na saa umeviweka juu, hapo sawa, lakini urekodi na kwa sauti yako.

Tumbe Baharini

Sauti ndiyo. Mama yangu hasomi, lakini sauti ya mtu anayemjua anaisikiliza mpaka mwisho.

Sijajibiwa la watoto 10 lakini. Siku ya tarehe hiyo akija mama mmoja tu wa surua saa 6 na nusu, atafunguliwa?

Mjitolea wa Micheweni

Kaka, nitaliuliza kabla, mbele ya sheha, na nitaliandika hapa jibu nililopewa. Wenzetu wa Kojani na Fundo, nyie mkoba unakuja kwa mashua. Saa ya kuanza mnaiandikaje wakati mashua inangoja maji yajae?